Kiungulia kinanikaba kila nikishika chuma

*Dokta, shikamoo. Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kirumba, Mwanza, nina miaka 33. Jioni saa 12 nashika chuma kwenye jimu ya mtaani, mara nne kwa wiki, na Jumapili alfajiri tunakimbia na wenzangu hadi Capripoint na kurudi. Kwa miezi kadhaa sasa, nikianza tu skwati au nikilala kwenye benchi, kifua kinaungua katikati na maji machungu yanapanda kooni, mpaka naweka chuma chini naenda kutema. Kukimbia nako ni hivyohivyo, hasa kwenye kilima.*

*Nakula mara mbili. Saa 10 nikitoka kazini napiga ugali na sangara wa kukaanga kwa mama ntilie, na soda. Usiku saa 4 nakula chipsi mayai, kisha nalala. Asubuhi ni chai tu. Jumapili kabla ya kukimbia nakula machungwa mawili na kahawa ili niwe mwepesi. Pilipili nimeacha kabisa, sijaona tofauti. Nalamba magadi, nakunywa maziwa, na kikizidi nameza omeprazoli. Bega likiuma nameza diklofenaki. Mmoja ananiambia ni vidonda vya tumbo, mwingine anasema moyo. Niache mazoezi?*

*Fundi wa Kirumba*

Marahaba, fundi. Mazoezi usiache. Kwa maelezo yako, hiki ni kiungulia cha asidi kupanda kutoka tumboni, na sehemu kubwa yake inatokana na saa unazokula. Lakini moyo umeshatajwa, kwa hiyo tuanze nao, maana huo ndio usiosubiri.

Maumivu ya moyo kwa kawaida hufuata kazi zaidi kuliko chakula. Mtu akipanda kilima kifua kinabana na kuwa kizito, akisimama dakika chache kinaachia, awe ameshiba au ana njaa. Mara nyingine maumivu huelekea mkononi, shingoni au kwenye taya, na huja na jasho la baridi na pumzi kukatika. Yako yanaunguza, yanaleta maji machungu mdomoni, na yanakupata hata ukiwa umelala tu kwenye benchi. Hiyo ni sura ya asidi. Hata hivyo jiulize swali moja: siku ukibeba injini kabla hujala chochote, kifua kinasemaje? Kama kinabana hata tumbo likiwa tupu, nenda ukapimwe umeme wa moyo wiki hiihii. Na siku yoyote kikibana kwa zaidi ya robo saa, au kikibana pamoja na jasho, usilambe kitu wala usisubiri kupambazuke. Hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando, popote palipo karibu, tena upelekwe, usijitembeze. Usijipime kwa dawa ya asidi pia, kwa sababu wapo waliopata nafuu kidogo baada ya kuitafuna kumbe shida ilikuwa moyo.

Sasa twende tumboni. Pale umio unapoingia tumboni kuna msuli wa mviringo unaofunga njia, na kile kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo huubana kwa nje. Wewe unaijua vali ya upande mmoja: inashika mpaka presha ya nyuma izidi nguvu ya springi yake. Msuli huu nao ni hivyo, ila una tabia ambayo vali ya chuma haina. Tumbo likitanuka, wenyewe hulegea kwa sekunde kadhaa ili hewa itoke, na hapo ndipo tunapobeua. Tumbo likijaa sana hulegea mara nyingi zaidi, na badala ya hewa kutoka peke yake, inapanda na asidi.

Kwa hiyo vinahitajika vitu viwili ili uungue kama unavyoungua: tumbo lililojaa, na kitu cha kulikamua. Skwati, ukiwa umekaza mkanda na kuzuia pumzi, inakamua kwelikweli. Kukimbia kunalitikisa tumbo hatua kwa hatua. Lakini ukamuaji huo ukikuta tumbo lina kidogo, kinachopanda nacho ni kidogo. Ndiyo maana naanza na sahani yako, wala sianzi na chuma.

Unamaliza kula labda saa 10 na nusu, na saa 12 uko chini ya chuma. Hiyo ni saa moja na nusu tu. Mlo wa kiasi usio na mafuta mengi unahitaji muda wa saa 2 hadi 3 ndipo sehemu kubwa yake iwe imeshuka kwenda kwenye utumbo. Mlo mkubwa wenye mafuta unaweza kukaa saa 4 au zaidi, kwa sababu mafuta yenyewe ndiyo yanayouambia mfumo upunguze mwendo. Na sangara, hata kabla hajaingia kwenye karai la mafuta, ni samaki mnono. Juu yake unaweka soda, ambayo gesi yake inatanua tumbo na kuita mbweu. Halafu ukianza kazi nzito damu inakimbilia kwenye misuli, na tumbo linazidi kuchelewa kusukuma chakula. Ukilala kwenye benchi saa 12, sehemu kubwa ya ule ugali bado ipo.

Pilipili ndiyo husingiziwa kwanza kila mtu akiungua, na mara nyingi anaachwa mwenye kosa. Naona watu wameacha pilipili, wameacha nyanya, wanakula chakula kisicho na ladha, lakini mlima wa ugali uko palepale na saa ni zilezile. Ndiyo maana hukuona tofauti.

Fanya hivi kwa wiki mbili: soda iache, na vyakula vingine usianze kuvichunguza kimojakimoja bado. Chakula chako kikubwa kihamishe kiwe saa 7 au saa 8 mchana. Najua fundi hawezi kuacha injini imefunguliwa juu ya boti, lakini mama ntilie wengi chakula chao kiko tayari tangu saa 6, na kuna vijana wa kukuletea hapo ulipo. Ugali uwe nusu ya ule uliozoea. Siku za mazoezi mwambie akupe sato wa kuchemsha au wa kuchoma badala ya sangara wa kukaanga. Na ukishakula, kwa saa ya kwanza tafuta kazi ya kusimama au kukaa wima: safisha plagi, panga vipuri. Kuinamia injini tumbo likiwa limejaa kunalikunja tumbo lenyewe, na nina hakika kiungulia kimewahi kukushika hapohapo kazini ukadhani ni moshi wa petroli.

Ukihama hivyo, njaa itakuuma saa 10 kwa mazoea. Usiijibu kwa sahani. Saa 11 kula kitu kidogo kikavu kisicho na mafuta: ndizi mbivu moja, au kiazi kitamu cha kuchemsha, au kiganja kimoja cha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha kukaushwa. Kama nyumbani wanapika michembe, vile viazi vilivyokaushwa vikiwa vibichi, kwa karanga, hiyo iache ya usiku, karanga zina mafuta. Wengine ndizi mbivu huwachefua. Kama wewe ni mmoja wao, shika kiazi. Maji yanywe mchana kutwa. Wakati wa mazoezi meza mafunda mawili matatu kila baada ya robo saa, usigide chupa nzima ya nusu lita mara moja, maana maji nayo hutanua tumbo.

Kama siku fulani imekataa kabisa na umekula saa 10, basi anza mazoezi saa 1 na nusu usiku, au siku hiyo fanya mabega na mgongo ukiwa umekaa wima, kwa uzito mdogo. Skwati na kulala benchi zisubiri kesho.

Kwenye chuma chenyewe ni mambo matatu. La kwanza ni mkanda. Wengi wanaufunga tangu wanaingia mlangoni mpaka wanatoka, kama sehemu ya sare. Ufunge kwa zile seti nzito tu, na ukiweka chuma chini ufungue hapohapo. La pili ni pumzi. Kwenye uzito wa mwisho kabisa, kuzuia pumzi kunasaidia kushikilia mgongo, na sitakuambia unyanyue mzigo wa hivyo ukiwa umelegea. Dawa yake ni kushusha uzito kwa hizi wiki mbili, mpaka upate ule unaoweza kuunyanyua mara 8 na bado ukabaki na nguvu ya mara mbili zaidi, huku ukitoa pumzi taratibu wakati wa kupanda. Presha ya tumboni itapungua sana. La tatu ni mpangilio. Anza na ya kusimama na kukaa, ya kulala yafuate mwishoni, tumbo likiwa limeshapungua. Kama benchi linapandishwa kichwani, lipandishe kidogo. Lile linaloinamisha kichwa kuwa chini kuliko tumbo liache kabisa kwa sasa, na zoezi la tumbo la kujikunja ukiwa chali usilifanye ukiwa na chakula. Mafundi wa jimu hulipenda mwanzoni ili kupasha mwili. Waambie la kwako ni la mwisho.

Jumapili ni hadithi nyingine, kwa sababu hapo tumbo lako karibu ni tupu, na bado unaungua. Kosa liko kwenye vile viwili ulivyochagua. Chungwa ni asidi juu ya asidi, na likipanda linaungua zaidi kwenye umio ambao usiku kucha umekuwa ukichomwa. Kahawa huweza kulegeza ule msuli, na kwa baadhi ya watu inaamsha asidi tumboni. Ulitafuta wepesi, ukapata kuni. Amka, kunywa maji glasi moja kwa mafunda, na ukimbie hivyohivyo ikiwa mbio zenu hazizidi saa moja. Ukiona unaishiwa nguvu, kipande cha mkate mkavu au matobolwa machache nusu saa kabla yanatosha. Machungwa na kahawa vitumie baada ya kurudi, pamoja na kifungua kinywa.

Na kile kilima cha Capripoint, kipande kwa mwendo ambao unaweza kumaliza sentensi nzima ukiongea na mwenzako. Ukifika pa kutoa neno mojamoja, unahema kwa nguvu hadi kiwambo kinasukumwa huku na huku, na tumbo linakandamizwa. Angalia na kiuno: bukta yenye lastiki kali, au kile kipochi cha simu kinachofungwa tumboni, vinafanya kazi ileile ya mkanda wa jimu. Simu ifunge mkononi.

Ikiwa katikati ya mbio kiungulia kimeanza, usilale majanini wala usiiname kushika magoti. Tembea wima, meza mate, kunywa maji kidogo. Bigijii isiyo na ladha ya minti inasaidia, kwa kuwa inaleta mate mengi, na mate hupunguza makali ya asidi yakishuka. Minti yenyewe hulegeza ule msuli, kwa hiyo pipi za kupoza koo hazikusaidii hata kama zinaleta ubaridi.

Chipsi mayai za saa 4 usiku ndizo zinazouacha umio ukiwa mbichi kila asubuhi. Ni mafuta juu ya mafuta, halafu unalala chali, na ukilala ule msaada wa chakula kushuka kwa uzito wake haupo tena. Kula saa 2 ukitoka jimu: wali kidogo au ugali kidogo, maharage au dagaa wasioogelea kwenye mafuta, mchicha. Lala saa 5. Lala ubavu wa kushoto, kwani kwa namna tumbo lilivyokaa, ukilala upande huo ule mlango unabaki juu ya asidi, na ukigeukia kulia unazama ndani yake. Kama bado koo linakuamsha, weka tofali moja chini ya kila mguu wa kitanda upande wa kichwani. Kurundika mito hakufanyi kazi hiyo. Kunakukunja tumbo tu.

Wiki mbili zikiisha na umeshika saa hizi, ndipo uwageukie vyakula, kimoja baada ya kingine. Ninaowashuku kwa kawaida ni vya kukaanga, nyanya na kachumbari yenye kitunguu kibichi, machungwa na malimao, kahawa, chokoleti, soda na vinywaji vya kuongeza nguvu, pombe, na ndiyo, pilipili. Lakini hawamchomi kila mtu. Kirudishe kimoja, kwa kiasi cha kawaida, siku ya mazoezi, saa ileile ya mchana. Ukiungua, jaribu tena siku nyingine kabla hujakihukumu. Si ajabu ukagundua kwamba pilipili yako inakubalika kabisa saa 7, na ulinyimwa bure.

Dawa zako zina fujo zaidi kuliko chakula. Magadi yanazima asidi kweli, lakini yanapokutana nayo hutoa gesi, gesi inatanua tumbo, na msuli unalegea tena. Pia yana chumvi ya sodiamu nyingi, ambayo presha ya damu haiipendi. Maziwa yanapoza kwa muda, kisha protini yake inaliita tumbo litoe asidi nyingine. Ukiyanywa saa 11 jioni umejaza tu tanki. Kama unahitaji cha kuzima moto siku mojamoja, zile dawa za kutafuna za magnesiamu na alumini zinazouzwa duka la dawa zinafaa zaidi.

Omeprazoli unaimeza kinyume. Haizimi kiungulia kilichokwisha kuwaka. Kazi yake ni kufunga pampu za asidi, na inazikamata vizuri pampu zinapoamshwa na chakula. Kwa hiyo humezwa asubuhi, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, kila siku, kwa kawaida miligramu 20 kwa siku 14. Kumbuka kwamba wewe asubuhi unakunywa chai tu, hivyo ukiitumia ni lazima upate na kitafunwa. Lakini usiianze bado, na sababu inaanzia kwenye hiyo dawa ya bega.

Diklofenaki inapunguza ule ute unaolinda ukuta wa tumbo. Mtu anayeimeza mara kwa mara, tena tumbo likiwa tupu, anaweza kutengeneza vidonda hata kama hakuwa navyo. Yule aliyekutajia vidonda hajasema upuuzi, ingawa maji machungu kupanda kooni si dalili yake kuu. Vidonda mara nyingi huuma chini ya chembe ya moyo, huuma ukiwa na njaa au katikati ya usiku. Acha diklofenaki sasa, na ibuprofeni usiiweke mahali pake, ni ndugu yake. Bega litumie parasetamoli kwa muda, upunguze kusukuma chuma juu ya kichwa, na ulipeleke likaangaliwe.

Ukiwa umefuata hizi wiki mbili na bado unaungua zaidi ya mara mbili kwa wiki, nenda hospitali. Usisubiri hata hizo wiki mbili kama chakula kinakwama ukimeza, kama unakonda bila kutaka, kama umetapika damu au kitu chenye rangi ya kahawa, au kama choo kimekuwa cheusi na chenye kunata. Huko watakupima bakteria wa tumbo, mara nyingi kwa choo, na huenda wakaangalia umio na tumbo kwa mpira wenye kamera. Hapa ndipo omeprazoli ya kumeza ovyo inapowaharibia watu: inawafanya bakteria wale wajifiche, kipimo kinasema hawapo wakati wapo. Inatakiwa iwe imeachwa wiki mbili kabla ya kupima. Kwa hiyo andika leo tarehe uliyomeza kidonge cha mwisho, na uitaje kabla hujapewa kikopo.